Picha za bidhaa kwenye Excel zinarundikana nikichuja orodha, na nikipanga upya zinabaki nyuma

Nuru_Vipuri

Wakuu, habari za leo. Natunza orodha ya bidhaa ya duka la vipuri vya pikipiki hapa Kariakoo. Kolamu A ni namba ya bidhaa, B ni picha, C jina, D aina, E bei na F idadi iliyopo. Mistari ya 1 mpaka 5 ina nembo ya duka na kisanduku cha maandishi chenye anwani, vichwa vya kolamu viko mstari wa 6, na bidhaa zinaanza mstari wa 7. Ziko 214, kila moja na picha yake iliyopigwa kwa simu.

Shida ziko mbili. Nikichuja nione breki tu, picha za bidhaa zilizofichwa hazifichiki, zinalaliana juu ya zile zinazoonekana mpaka sijui ipi ni ya nani. Nikipanga orodha kwa bei, majina na bei vinahama lakini picha zinabaki palepale, kwa hiyo kebo ya klachi inapata picha ya taa ya mbele. Mteja wa jumla akitumiwa orodha ya namna hiyo ataagiza kitu sicho. Naomba msaada.

Mkaguzi_Mdogo

Dada Nuru, hilo ni jepesi. Chagua picha, bonyeza Ctrl+1, upande wa kulia ingia Size & Properties, fungua sehemu ya Properties halafu weka `Don't move or size with cells`. Ukiweka hiyo hakuna kitu kitakachochezea picha zako tena, hata ubadilishe upana wa kolamu.

Juma_Stesheni

Mimi hiyo niliijaribu kwenye nembo ya kampuni yetu na haifanyi kazi. Nikishuka chini mpaka mstari wa 300 nembo inapotea juu, wakati nimeshaiambia isihame. Naona Excel ina hitilafu hapo.

FundiShiti

Nianze na Juma. Hakuna hitilafu. Chaguo hilo linazungumzia seli, halizungumzii skrini. Maana yake ni kwamba ukiingiza mistari juu yake, ukifuta kolamu au ukipanua, nembo itakaa umbali uleule kutoka kona ya juu kushoto ya shiti. Ukishuka chini, shiti nzima inapanda na nembo imo ndani ya shiti. Unachokitafuta wewe ni View, Freeze Panes. Nembo iwe ndani ya mistari ya juu, weka kishale kwenye seli ya kolamu A iliyo chini ya mistari hiyo, ugandishe. Kama unataka nembo itokee kwenye kila ukurasa unaochapishwa, njia ni nyingine kabisa: iingize kwenye kichwa cha ukurasa kupitia Insert, Header & Footer, kisha Picture. Humo haifungamani na seli yoyote, ila kwenye mwonekano wa kawaida hutaiona.

Sasa dada Nuru. Alichosema Mkaguzi ni nusu ya jambo. `Don't move or size` kweli inalinda ukubwa wa picha, lakini kwa orodha yako ndiyo itakayoharibu zaidi, kwa sababu picha inakuwa haina mstari wake. Ukipanga, ukichuja, ukiingiza bidhaa mpya katikati, picha haitasogea hata kidogo.

Excel inatoa machaguo matatu tu. `Move and size with cells` inashika picha kwa kona mbili, ya juu kushoto na ya chini kulia. Seli zilizo chini yake zikihama inahama, zikikua inakua, zikifichwa inabanwa mpaka haionekani. `Move but don't size with cells` inashika kona ya juu kushoto peke yake. Picha inahama na seli, lakini ukubwa wake haubadiliki, hata mstari ukiwa na urefu wa sifuri. La tatu ndilo alilotaja Mkaguzi.

Picha ikiingizwa kwa njia ya kawaida, mara nyingi inakuja na lile la pili. Hapo ndipo unapotoka mrundikano wako. Umechuja, mstari wa 20 umefichwa, kona ya picha yake imesogea mpaka ulipo mstari unaofuata unaoonekana, na kwa kuwa haikuruhusiwa kupungua, imebaki kubwa vilevile juu ya picha ya mwenzake. Mistari kumi ikifichwa mfululizo, unapata picha kumi mahali pamoja.

Kwa hiyo picha za bidhaa ziwekee `Move and size with cells`, na hakikisha kila picha imo ndani ya seli yake kabisa, isiguse mpaka wa mstari wa juu wala wa chini. Sharti la pili watu wengi hulipuuza. Picha iliyokanyaga mistari miwili haina mstari mmoja inaoutegemea, kwa hiyo wakati wa kupanga hutegemei itafuata upi au kama itasogea.

Nuru_Vipuri

Asante sana kaka. Nimejaribu kwa picha sita za mwanzo. Nilishika Alt wakati wa kuvuta, kumbe picha inajinasa kwenye mipaka ya seli, kisha nikaipunguza kidogo isiguse. Kuchuja sasa kunakwenda vizuri, picha zinaingia na kutoka na mistari yake.

Kupanga ndiko kunanichanganya. Kwenye kompyuta ya kaunta picha zinahama na bidhaa. Faili hilohilo nikalifungua kwenye kompyuta ya stoo, nikapanga kwa bei, picha hazikusogea. Nimeangalia Properties za picha ni zilezile.

FundiShiti

Hiyo ni alama iliyo wazi. Kwenye kompyuta ya stoo nenda File, Options, Advanced, shuka mpaka sehemu ya Cut, copy, and paste. Tafuta kisanduku kinachosema `Cut, copy, and sort inserted objects with their parent cells` na ukitie tiki. Huo ni mpangilio wa Excel kwenye kompyuta ile, hausafiri na faili, ndiyo maana faili moja linafanya hivi huku na vile kule. Kawaida huwa kimewashwa, kwa hiyo kuna mtu alikiondoa, pengine alikuwa ananakili mistari na hakutaka michoro iende nayo.

Rudisha faili kutoka nakala ya zamani kabla ya kupanga tena. Picha zikishaachana na mistari yake hakuna kitu ndani ya faili kinachokumbuka picha ipi ilikuwa ya nani.

Nuru_Vipuri

Ndicho kilichokuwa kimezimwa. Sasa stoo nako zinahama.

Mkaguzi_Mdogo

Sawa, nimeelewa kuhusu kupanga. Lakini `Move and size` ina hatari yake. Kwetu ofisini tuliiweka kwenye picha za wafanyakazi na baada ya wiki mbili sura za watu zilikuwa zimepanuka. Nadhani dawa ni kuweka tiki kwenye `Lock aspect ratio` kabla ya yote.

Rehema_Takwimu

Mkaguzi, hatari uliyoitaja ni ya kweli ila dawa siyo hiyo. `Lock aspect ratio` inakulinda wewe ukivuta kona ya picha kwa mkono, au ukiandika urefu mpya kwenye kisanduku cha Size. Haizuii seli. Ukiongeza urefu wa mstari kutoka 60 hadi 90, picha iliyo na `Move and size` inanyooshwa kwa kimo peke yake, tiki iwepo isiwepo. Ukipanua kolamu, inatanuka kwa upana peke yake. Bila shaka hicho ndicho kilichowatokea, mtu alipanua kolamu ili jina refu lionekane.

Kinachosaidia ni utaratibu. Amua vipimo vya seli kwanza, viache, ndipo uweke picha na kubadilisha Properties. Kwa orodha kama ya dada Nuru mimi ningetumia mstari wa urefu wa 60 na kolamu B yenye upana wa 12. Hapa pana mtego, kwa sababu namba hizi mbili si za kipimo kimoja. Urefu wa mstari ni pointi, na pointi 60 ni pikseli 80 kwenye skrini iliyo kwenye asilimia 100. Upana wa kolamu unahesabiwa kwa herufi, na kwa fonti ya kawaida ya Calibri 11, upana wa 12 ni pikseli 89. Ukishika mpaka wa kolamu kwa kipanya bila kuachia, Excel inakuonyesha pikseli pembeni, basi fuata hizo usihangaike kukokotoa. Kwa seli ya 89 kwa 80, picha ya simu iliyopigwa kwa ulalo inakaa vizuri na nafasi kidogo inabaki pande zote.

Jambo jingine ni kubofya mara mbili mpaka wa mstari ili Excel ijipimie urefu. Excel inapojipimia haihesabu picha, inahesabu maandishi tu. Mstari wako wa 60 utaanguka mpaka 15 hivi, na picha yenye `Move and size` itabanwa pamoja nao. Ikitokea na umewahi, Ctrl+Z. Ikiwa umechelewa, chagua picha, ingia Picture Format, bonyeza kishale cha Reset Picture kisha `Reset Picture & Size`. Picha inarudi kwenye uwiano wake wa asili, nawe unaipunguza upya.

Nuru_Vipuri

Dada Rehema, hayo ya pikseli yamenifungua macho. Nimeweka 60 na 12 kwenye shiti nzima ya bidhaa. Swali langu sasa ni la kazi yenyewe. Picha ziko 214 na kila moja ina ukubwa wake. Nizivute moja moja kwa Alt?

FundiShiti

Properties unaweza kuzibadilisha kwa pamoja. Bofya picha moja, kisha Ctrl+A, na vitu vyote vinavyoelea kwenye shiti vitachaguliwa. Shika Ctrl ubofye nembo na kile kisanduku cha anwani ili uvitoe kwenye kundi, halafu Ctrl+1 na uendelee kama kawaida.

Lakini kuziingiza ndani ya seli na kuzisawazisha ukubwa, hapo makro inafaa. Ondoa filta kwanza ili mistari yote ionekane, kwa sababu picha iliyobanwa mpaka kimo cha sifuri haina uwiano wa kulinda. Hifadhi nakala ya faili pembeni, maana baada ya makro Ctrl+Z haitakurudisha. Bonyeza Alt+F11, Insert, Module, bandika hii, kisha F5:

```vba
Sub PangaPicha()
    Dim s As Shape, c As Range
    For Each s In ActiveSheet.Shapes
        If s.Type = msoPicture Then
            Set c = s.TopLeftCell
            If c.Column = 2 And c.Row > 6 Then
                s.LockAspectRatio = msoTrue
                s.Height = c.Height - 6
                If s.Width > c.Width - 6 Then s.Width = c.Width - 6
                s.Top = c.Top + 3
                s.Left = c.Left + 3
                s.Placement = xlMoveAndSize
            End If
        End If
    Next s
End Sub
```

Inagusa picha zilizoanzia kolamu B chini ya mstari wa 6 peke yake, kwa hiyo nembo iko salama. Inaacha angalau pointi 3 kila upande. Ukimaliza unaweza kuhifadhi faili kama xlsx ya kawaida, Excel itakuuliza kuhusu makro, kubali iondoke. Mipangilio ya picha inabaki.

Nuru_Vipuri

Imekwenda kwa sekunde chache na karibu zote zimekaa sawa. Ila mstari wa 41 una picha mbili zimelaliana, wa 42 hauna kitu. Vivyo hivyo 97 na 98. Halafu kuna picha tatu zimebaki na ukubwa wake wa zamani, hazikuguswa kabisa.

FundiShiti

Zote ni sababu moja, ni pale picha inapoanzia. `TopLeftCell` inatazama kona ya juu kushoto tu. Picha ya bidhaa ya mstari wa 42 ilikuwa imechomoza kidogo juu ya mpaka, labda pikseli mbili ambazo jicho halizioni, basi makro ikaihesabu kuwa ya 41. Zile tatu nazo zilichomoza kushoto kuingia kolamu A, makro ikaziruka.

Vuta kwa mkono picha ya juu kwenye 41 uipeleke 42, fanya hivyo na 97, na zile tatu zisogeze ziingie B. Kisha chini ya mstari wa `If c.Column = 2`, yaani kabla ya kubadilisha ukubwa, ongeza huu:

```vba
If s.Top + s.Height / 2 > c.Top + c.Height Then Set c = c.Offset(1, 0)
```

Sasa makro inatazama katikati ya picha badala ya kona. Katikati ikiwa imevuka mpaka wa chini wa seli, inahesabu mstari unaofuata. Siku ukiongeza bidhaa mpya utaiendesha tena bila wasiwasi, alimradi sehemu kubwa ya picha iko kwenye mstari wake na haijachomoza kuingia kolamu A wala mstari wa 6.

salim_hesabu

Nimesoma uzi wote na najiuliza kwa nini mnahangaika na picha zinazoelea. Kwenye Microsoft 365 bofya picha kwa kitufe cha kulia, chagua `Place in Cell`. Picha inakuwa ndiyo thamani ya seli, kama namba au jina. Inapangwa, inachujwa, inanakiliwa, inajipima yenyewe ndani ya seli bila kupoteza uwiano. Hakuna Properties, hakuna makro. Ukitaka irudi kuelea kuna `Place over Cells`.

FundiShiti

Salim, kwa faili linalofunguliwa na watu wenye 365 peke yao, nami ningechagua hiyo bila kufikiri mara mbili. Tatizo ni nani mwingine analifungua. Kwenye Excel za zamani seli hiyo inaonyesha `#VALUE!` badala ya picha.

Nuru_Vipuri

Tawi letu la Mbagala wanatumia Excel 2016. Nimeijaribu kwa picha tano na kuwatumia, kweli wameona `#VALUE!` zote tano. Wateja wa jumla nao siwezi kujua wana nini. Kwa hiyo nabaki na zinazoelea.

salim_hesabu

Hapo sawa. Bado naona ni njia bora kwa anayeanza leo, lakini wewe una sababu.

baharia_wa_data

Na sisi wa Google Sheets? Niliingiza picha za samaki kwa ajili ya bei za soko, nikipanga zinabaki nyuma hivyohivyo. Sioni hizo Properties popote.

Rehema_Takwimu

Hazipo kwa namna hiyo. Google Sheets ina njia mbili wakati wa kuingiza, `Insert image in cell` na `Insert image over cells`. Wewe umetumia ya pili. Bofya picha, kwenye zile nukta tatu za pembeni chagua `Put image in selected cell`, ila uwe umechagua seli sahihi kwanza. Baada ya hapo itapangwa pamoja na mstari wake.

Kwa anayetumia LibreOffice Calc, bofya picha kwa kitufe cha kulia, Anchor, utakuta `To Page`, `To Cell` na `To Cell (resize with cell)`. Fikra ni ileile ya Excel, na kwa orodha ya bidhaa ni ile ya mwisho.

Nuru_Vipuri

Nina swali la mwisho kuhusu vile visanduku vya maandishi. Kile cha anwani, juu kwenye mistari ya 1 hadi 5, kimetanuka nilipopanua kolamu C. Na pembeni, kolamu H, nina kisanduku kingine cha maelekezo ya jinsi ya kuagiza, kiko usawa wa mistari ya 8 hadi 20. Nikichuja kinasinyaa mpaka kinakuwa mstari mwembamba, mteja haoni kitu.

Rehema_Takwimu

Umbo na kisanduku cha maandishi, tofauti na picha, vinakuja vikiwa na `Move and size with cells` tangu mwanzo. Ndiyo maana cha anwani kimefuata kolamu C, na cha pembeni kinabanwa pamoja na mistari ya 8 hadi 20 inayofichwa na filta.

Kwa cha anwani ningeweka `Move but don't size with cells`. Ukiingiza mstari juu yake, kitasogea na nembo pamoja na vichwa, lakini hakitanyooka. Ukiweka `Don't move` ukaingiza mistari miwili juu, data itashuka na kisanduku kitabaki, mwishowe kinakaa juu ya kitu kingine.

Cha pembeni ni tofauti. Hicho ndicho kinachofaa lile chaguo la Mkaguzi, `Don't move or size with cells`, kwa sababu hakimhusu mstari wowote. Chuja utakavyo, kitabaki na ukubwa wake. Ila nisingekiacha pembeni ya data. Filta ikibakiza bidhaa mbili, orodha inafupika na kisanduku kinaning'inia chini peke yake kama kimesahaulika. Kihamishie kwenye mistari ya 1 hadi 5 ambayo filta haiigusi.

Kama bado kitabadilika ukubwa hata baada ya hapo, tazama kwenye Format Shape, sehemu ya Text Box, kama `Resize shape to fit text` ina tiki. Hiyo haina uhusiano na seli. Kisanduku kinajipima kwa maandishi yaliyomo, na watu hulaumu Properties bure.

Mkaguzi_Mdogo

Hiyo ya mwisho imenitatulia kisanduku cha ripoti ya mwezi. Nilikuwa nimeweka `Don't move or size` na bado kilikuwa kinakua kila nikiongeza sentensi.

Mwl_Chacha

Samahanini, nami nina jambo la karibu na hili. Nina orodha ya wanafunzi na kila mmoja ana kisanduku cha tiki nilichokiweka kutoka Developer, Insert, Form Controls. Nikichuja kwa mkondo, visanduku vinarundikana kama picha za dada Nuru. Nikiingia Properties, `Move and size with cells` imefifia, haichaguliki.

FundiShiti

Mwalimu, visanduku vya tiki vya Form Controls ndivyo vilivyo, kwenye dirisha hilo vinakupa machaguo mawili ya chini tu. Kwenye 365 kuna Insert, Checkbox, ambayo ni tiki inayokaa ndani ya seli na inafuata filta kama data nyingine. Una toleo gani?

Mwl_Chacha

2013, kompyuta za shule.

salim_hesabu

Mwalimu, achana na visanduku. Kolamu ya kawaida, weka Data Validation yenye orodha ya Ndiyo na Hapana. Inachujika, inahesabika kwa COUNTIF, na haielei popote.

FundiShiti

Ningefanya hivyo pia. Kuna wanaosema ukiweka `xlMoveAndSize` kwa makro kwenye visanduku hivyo inakubali hata pale dirisha linapokataa, ila sijakitegemea kwenye faili la kazi. Kama kuna mtu aliyekitumia kwa muda mrefu atuambie.

Rehema_Takwimu

Dada Nuru, kabla hujafunga kazi, jambo la kufuta mistari. Bidhaa ikiisha na ukafuta mstari wake, usidhani picha imekwenda nao. Picha yenye `Move and size` mara nyingi inabaki ikiwa na kimo cha sifuri juu ya mpaka wa mstari, haionekani lakini imo na uzito wake wote. Baada ya miezi kadhaa unashangaa faili lina megabaiti nyingi kuliko bidhaa zilizomo. Bonyeza Alt+F10 ufungue Selection Pane, inaorodhesha kila kitu kinachoelea kwenye shiti. Ukibofya jina na huoni picha ikichaguliwa, ila mstari mwembamba tu wenye vishikio, hiyo ni moja ya mabaki. Futa hapohapo. Kuanzia sasa futa picha kwanza, ndipo ufute mstari.

Na kwa picha za simu, chagua moja, Picture Format, Compress Pictures, ondoa tiki ya `Apply only to this picture` na uchague 150 ppi. Kwa seli ya pikseli 80 hutaona tofauti.

Nuru_Vipuri

Nimefungua Selection Pane. Bidhaa 214, lakini picha zilizoorodheshwa ni 231, ukiacha nembo. Nimezipitia, 17 zote ni vile vistari vyembamba, nyingi ziko karibu na mstari wa 60 tulipofuta taa za aina ya zamani mwaka jana. Nimezifuta na kubana picha, faili limeshuka kutoka megabaiti 48 hadi 6. Sasa linakwenda kwa barua pepe bila kukataliwa.

Nimechuja breki, zimetoka 23 na picha 23. Nimepanga kwa bei kupanda na kushuka, kaunta na stoo, picha zimefuata. Mbagala wamefungua wameona sawa. Kisanduku cha maelekezo nimekipandisha juu.

Kilichobaki ni kuchapisha. Kwenye karatasi picha za mstari wa mwisho wa ukurasa zinakatwa kidogo upande wa chini, ingawa kwenye skrini zimo ndani ya seli. Kuna aliyekutana na hilo?

FundiShiti

Punguza Scaling kwenye Page Setup au kwenye makro ongeza ile nafasi ya pointi 3 iwe 5 na zile 6 ziwe 10, na tazama kwenye Print Preview kabla ya kutoa karatasi. Vipimo vya printa na vya skrini havilingani kikamilifu, na picha iliyo karibu sana na mpaka ndiyo ya kwanza kuonyesha. Taja aina ya karatasi na kama umeweka `Fit All Columns on One Page`, tuone kama ni hilo.